Milinganyo tofautishi ya daraja la kwanza

Kabla ya kukokotoa, tambua umbo la mlinganyo. Umbo ndilo linaloonyesha njia.

| Aina | Dalili | Njia |
|---|---|---|
| Wa kutenganishika | y′ = f(x)g(y) | Peleka y upande mmoja, x upande wa pili, kisha tafuta intego |
| Wa mstari | y′ + P(x)y = Q(x) | Zidisha kwa μ = e^(∫P dx) |
| Wa Bernoulli | y′ + P(x)y = Q(x)yⁿ, n si 0 wala 1 | Weka v = y^(1−n); utakuwa wa mstari |

Chukua xy′ + 2y = x³, x > 0. Hapa y na y′ hazina kipeo wala hazizidishani, kwa hiyo mlinganyo ni wa mstari. Kwanza gawanya kwa x: y′ + (2/x)y = x². Wengi huruka hatua hii, wakachukua P = 2 na kupata μ = e^(2x), ambayo haifai kabisa. P sahihi ni 2/x, hivyo μ = x². Ukizidisha, upande wa kushoto unakuwa (x²y)′, na wa kulia x⁴. Tafuta intego:

x²y = x⁵/5 + C

y = x³/5 + C/x²

C huandikwa kabla ya kugawanya kwa x². Ikiongezwa mwishoni, jibu y = x³/5 + C likirudishwa kwenye mlinganyo hutoa x³ + 2C, si x³.