Lenzi ya kamera ikikwama kwa mchanga, usiiwashe tena na tena

Kamera ndogo ya mfukoni, ile ambayo lenzi yake huchomoza unapoiwasha na kurudi ndani unapoizima, haihitaji kuanguka majini ili iharibike. Punje chache za mchanga zatosha. Mwenye kamera hubonyeza swichi, akasikia mkwaruzo mfupi, lenzi ikatoka nusu na kusimama, kisha kioo kikaonyesha ujumbe wa hitilafu na kamera ikajizima. Kamera za zamani za Canon zilionyesha herufi na tarakimu `E18`. Zilizofuata zikaandika `Lens error, restart camera`. Za Sony huandika `Turn the power off and on again`.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayowaponza wengi. Kamera inakuambia uizime na kuiwasha tena, nawe unatii mara kumi au ishirini, na kila mara hali inazidi kuwa mbaya. Ili kufahamu kwa nini, yafaa kwanza kujua yanayotendeka ndani.

Lenzi ya aina hii imeundwa kwa silinda mbili au tatu zilizovaana kama vipande vya antena ya redio. Kila silinda ina pini ndogo zinazopita katika mifereji iliyochongwa kwa mshazari kwenye silinda nyingine. Mota ndogo huzungusha msururu wa gia, aghalabu za plastiki, na gia hizo huzungusha silinda. Pini zikifuata mifereji, lenzi husukumwa nje au kuvutwa ndani. Kuna pia kihisi kinachohesabu mizunguko. Iwapo hesabu haijatimia kwa muda uliopangwa, kompyuta ya kamera hukata umeme wa mota na kutoa ujumbe wa hitilafu.

Kwa hivyo ujumbe huo si tangazo la kifo cha kamera, bali ni kinga. Kamera imehisi kizuizi na kukataa kuendelea kusukuma. Kila unapoiwasha tena, unaiagiza mota isukume upya dhidi ya punje ile ile. Punje huburutwa ndani zaidi, nayo meno ya gia huanza kulika. Kamera iliyokuwa ikihitaji kusafishwa tu sasa itahitaji lenzi mpya.

Tuchukue mfano wa kamera iliyowekwa juu ya taulo ufuoni Shela, kisiwani Lamu, mwezi wa Julai wakati upepo wa kusi unapovuma na kurusha mchanga mwembamba. Mwenyewe aliiwasha ili ampige picha mtoto wake, lenzi ikatoka kiasi cha nusu na kukwama.

La kwanza ni kutoa betri papo hapo, hata kama lenzi ingali nje. Usijaribu kuirudisha kwanza, wala usiisukume kwa kidole. Toa pia kadi ya kumbukumbu na uiweke mbali na mchanga, kisha ifunge kamera katika mfuko safi hadi ufike mahali pasipo upepo. Picha zilizo kwenye kadi hazijadhurika, na zinaweza kunakiliwa kwa kompyuta yoyote yenye kisoma kadi. Wapo wanaoshauri kamera iwashwe kwa kitufe cha kutazama picha, kwa kuwa kwa kamera nyingi lenzi haichomozi ikiwashwa hivyo. Ushauri huo hufaa lenzi ikiwa ndani. Ikiwa iko nje, kamera nyingi hujaribu kuirudisha, na hilo ndilo tunaloliepuka.

Iwapo kamera ililowa maji ya bahari, hatua zinazofuata si zake. Iache bila betri na umpelekee fundi mapema, maana chumvi hula nyaya na sakiti.

Mahitaji ya kusafisha ni machache: brashi laini na kavu, kipulizio cha mpira kama kile kinachouzwa katika maduka ya dawa kwa kusafishia masikio ya watoto (kiwe kipya na kikavu), karatasi safi ya kawaida ya kuchapishia, na tochi. Kaa juu ya kitambaa cheupe, ili uone kinachodondoka.

Shika kamera lenzi ikitazama chini. Hili ndilo jambo kubwa kupita yote katika kazi hii, na ndilo linalosahauliwa: mchanga uanguke nje, usiingie ndani. Pangusa kwa brashi kuzunguka silinda, kutoka kwenye mwili wa kamera kuelekea nje. Kisha elekeza kipulizio kwenye ufa ulio kati ya silinda moja na nyingine, kwa mshazari wala si moja kwa moja, ukipuliza kidogo kidogo huku ukizungusha kamera. Katika mfano wetu, punje kadhaa zitaonekana kwenye kitambaa tangu mipulizo ya mwanzo.

Baada ya hapo chukua karatasi. Unene wake ni karibu milimita 0.1, ilhali punje ya mchanga mwembamba huwa kati ya milimita 0.125 na 0.25. Kwa sababu hiyo karatasi huweza kupita mahali ambapo punje imekwama, na ukingo wake ukaigusa na kuitikisa. Kata ukanda wenye upana wa sentimita moja, uuingize ufani kina cha milimita tatu hivi, usizidi, kisha uuburute polepole kuzunguka silinda. Ukihisi mahali panapokwaruza, hapo ndipo penye punje. Toa karatasi, puliza hapo, uingize tena. Usitumie sindano, wembe wala kadi ya plastiki. Ndani ya ufa mna ukingo laini unaozuia mwanga na vumbi, nao hupasuka upesi.

Sasa rudisha betri, ila iwe imejazwa kikamilifu. Betri dhaifu pekee yaweza kuleta ujumbe ule ule wa hitilafu, kwani mota hukosa nguvu za kumaliza safari, na ni aibu kumlipa fundi kwa ajili ya betri. Iwashe kamera mara moja, lenzi ikitazama chini, na utege sikio.

Ikiwa lenzi itasogea zaidi ya pale ilipokwama, hata kidogo, hiyo ni dalili njema. Toa betri ikiwa katika hali hiyo, maana sasa sehemu iliyokuwa imefichika imejitokeza, kisha rudia brashi, kipulizio na karatasi. Kamera yetu ya Shela, tuseme, ilisogea milimita chache mara ya kwanza, na mara ya pili ikatoka yote. Wengi hapo hushangilia na kuizima, lenzi ikarudi ndani pamoja na mchanga uliosalia juu ya silinda. Usifanye hivyo. Toa betri lenzi ikiwa imechomoza kabisa, futa silinda zote kwa kitambaa laini kikavu, puliza nyufa zote, ndipo uirudishe betri na kuiacha lenzi irudi.

Kisha ipime. Sogeza lenzi karibu na mbali mara moja, ukisikiliza kama mlio ni wa namna moja mwanzo hadi mwisho. Piga picha ya ukuta mweupe na uikuze kwenye kompyuta. Madoa meusi yanayobaki mahali pamoja katika kila picha huonyesha kwamba vumbi limefika kwenye kipokea picha kilicho nyuma ya lenzi, na hilo haliondolewi bila kufungua kamera.

Majaribio yasizidi matatu. Yapo pia mambo yanayopaswa kukusimamisha hata kabla ya hapo. Itazame lenzi kwa upande: ikiwa imeinama, sehemu moja juu kuliko nyingine, basi pini imetoka kwenye mfereji wake, na hakuna usafi utakaoirudisha. Ukisikia mlio wa kukatika-katika, kama meno yanayorukana, gia zinateleza au zimevunjika. Ukiwa husikii mlio wowote ilhali kioo kinawaka na betri imejaa, huenda kasoro ni ya mota au ya umeme, wala si ya mchanga tena.

Utasikia ushauri mwingine mwingi. Kuna wasemao uivute lenzi kwa vidole hadi isikike "tik", au uigonge kamera kwenye kiganja. Ni kweli kwamba mara nyingine pini iliyotoka hurudi kwa njia hiyo, na aliyefaulu huwasimulia wenzake. Aliyevunja gia hunyamaza. Mafuta ya kulainisha ndiyo mabaya zaidi: hugandisha mchanga ukawa kama tope linalosaga, na hutambaa hadi kwenye vioo vya lenzi. Hewa ya mkebe nayo ina shinikizo kubwa mno. Huzisukuma punje ndani na yaweza kutema kimiminika baridi. Kupuliza kwa mdomo huacha mate.

Vifuniko vidogo vinavyofunga mbele ya lenzi vikikwama nusu, hiyo ni kasoro nyingine iliyo nyepesi. Aghalabu brashi kavu huzifungua, na lenzi yenyewe hutembea kama kawaida.

Ikibidi kwenda kwa fundi, peleka kamera bila kadi, betri ikiwa kando, na umweleze ukweli: kwamba ni mchanga, kwamba haikuanguka, na kwamba uliiwasha mara ngapi. Maelezo hayo humfanya aanze na silinda badala ya kupekua sakiti. Muulize kabla hajaanza iwapo atasafisha au atabadilisha lenzi nzima, kwa sababu mafundi wengi huona ni nafuu kung'oa lenzi pamoja na kipokea picha na kuweka nyingine iliyotolewa kwenye kamera kuukuu. Kwa kamera ya bei ya chini, gharama hiyo huenda ikakaribia bei ya kununua nyingine iliyotumika. Dhamana ya kiwanda kwa kawaida hailipii uharibifu wa mchanga, na parafujo zikishafunguliwa na mtu mwingine huwa imekwisha kabisa.

Na iwapo unafikiria kuzifungua parafujo hizo mwenyewe, jua kwamba ndani, karibu na taa ya mweko, mna kapasita inayohifadhi umeme wa takribani volti 300. Umeme huo haupotei betri inapotolewa. Waweza kukaa humo muda mrefu. Kidole kinachogusa miguu ya kapasita hiyo kitapigwa kwa nguvu za kutosha kuangusha kamera na kuunguza ngozi, na bisibisi ikiigusa yaweza kuunguza sakiti yote. Fundi anayeijua kazi yake huimaliza chaji hiyo kwanza, kabla hajaigusa lenzi.