Ketuba: karatasi ya deni inayosomwa katikati ya harusi ya Kiyahudi

Kwenye harusi ya Kiyahudi kuna kipande ambacho mgeni kinamwacha hewani. Maharusi wamesimama chini ya hupa, yaani kile kitambaa kilichoinuliwa kwa nguzo nne, ishara ya nyumba yao mpya. Bwana harusi keshamvisha bibi harusi pete. Watu wanasubiri shangwe. Badala yake anasogea mtu na karatasi iliyopambwa maua na rangi ya dhahabu, anaanza kusoma kwa lugha ambayo hata Wayahudi wengi waliokaa pale hawaielewi. Anasoma, anasoma. Mgeni anadhani ni sala, au labda shairi la mapenzi.

Kumbe ni hati ya deni.

Karatasi hiyo inaitwa ketuba, maana yake "kilichoandikwa". Msikilizaji wa Kiswahili hapaswi kuiona ngeni sana, kwa sababu Kihebrania na Kiarabu ni ndugu, na shina hilo hilo ndilo lililotupa sisi kitabu, katibu na katiba. Imeandikwa kwa Kiaramu, lugha ya sokoni na mahakamani enzi zile, ili kila mtu aelewe. Miaka imepita, lugha ya kawaida imegeuka kuwa lugha ya wasomi.

Na kwa nini isomwe katikati, siyo mwanzo wala mwisho? Kwa sababu zamani hizo zilikuwa sherehe mbili. Ya kwanza iliitwa kidushin, kutoka shina lenye maana ya kutakasa, lile lile la Baitul Mukadas. Mwanamume alimpa mwanamke kitu chenye thamani, hata kidogo tu, akatamka kwamba amewekwa wakfu kwake. Kuanzia hapo alikuwa mke wa mtu, ila alibaki kwao hadi miezi 12 akijiandaa. Ya pili ndiyo ilikuwa ya kumpeleka kwa mume. Baadaye sherehe zote mbili zikaunganishwa siku moja, na kusoma ketuba kukawa ndiyo ukuta kati ya ile ya kwanza na ya pili.

Sasa deni lenyewe. Kwa mwanamwali ni zuzi 200, kwa mjane zuzi 100. Zuzi ilikuwa sarafu ya fedha. Mishna, mkusanyiko wa sheria uliokamilika karibu na mwaka 200, unasema mwenye zuzi 200 haruhusiwi kuokota masazo ya shambani yaliyoachwa kwa ajili ya maskini. Yaani kiasi hicho kilitosha kumwondoa mtu kwenye kundi la mafukara. Hiyo ndiyo siri yake: mke akiachwa au akifiwa, asiende kuokota masazo.

Mwanamume halipi siku ya harusi. Anadaiwa. Atalipa akimwacha, na akifa watalipa warithi. Inafanana na mahari inayobaki deni katika ndoa za Kiislamu.

Lakini utaratibu huu haukuja hivi hivi. Talmudi ya Babeli inasimulia jinsi watu walivyohangaika nao. Kwanza fedha iliwekwa kwa baba wa mke. Mume akikasirika anasema, nenda zako, ketuba yako iko kwa baba yako. Ikabidi ihamishiwe nyumbani kwa mume. Matajiri wakaigeuza kikapu cha fedha au dhahabu, maskini wakanunulia beseni la haja ndogo. Bado haikusaidia. Mume akipandisha hasira anasema, chukua beseni lako uondoke. Talaka ilikuwa rahisi kwa sababu malipo yalikuwa tayari yamekaa pembeni.

Ndipo mwanazuoni mmoja, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, akapindua mambo. Fedha isitengwe kabisa. Mume aandike kwamba mali yake yote ni dhamana ya ketuba. Atumie fedha hiyo kwenye biashara yake, ila akitaka kumwacha mke aitafute, hata kwa kuuza shamba. Mwenye hasira akishaanza kupiga hesabu, hasira inapoa.

Ilifanya kazi? Jibu moja lilipatikana mwaka 1961 katika pango lililo juu ya Bahari ya Chumvi, linaloitwa siku hizi Pango la Barua. Wanaakiolojia walikuta mfuko wa ngozi wenye hati 35 za mwanamke mmoja wa kijiji cha Maoza, nchi ya mitende. Alikuwa mjane aliyeolewa mara ya pili, na mume huyo wa pili alikuwa na mke mwingine huko Ein Gedi. Ketuba yake imo mfukoni: zuzi 400. Imeandikwa pia kwamba akitekwa, mume atamkomboa. Na mume akifa, atakaa nyumbani na kulishwa kutoka mali ya marehemu mpaka warithi watakapomlipa ketuba yake.

Mume alifariki. Bi mkubwa huyu hakukaa kulia tu. Alishikilia mashamba ya mitende ya marehemu, na Septemba 130 akauza mavuno ya tende, hati ikieleza wazi kwamba anayashikilia kwa sababu ya anachodai. Mke mwenza hakukubali. Julai 131 wakaitana mbele ya gavana wa Kirumi, kila mmoja akidai mwenzake kachukua mali ya marehemu. Hati ya mwisho mfukoni ni ya mwaka 132, mwaka vita vya Wayahudi na Warumi vilipolipuka. Katika kukimbia, mwanamke yule alibeba karatasi zake. Alijua thamani yake.

Hata hivyo ketuba ina mpaka wake. Inamdai mume, haimfungui mke. Kwa sheria ya Kiyahudi, ndoa huvunjika mume akimkabidhi mke hati ya talaka. Akigoma, mwanamke anaitwa aguna, yaani aliyefungwa, na hawezi kuolewa tena hata ketuba yake iwe ya mamilioni. Karibu na mwaka 1000 rabi mkubwa wa Mainz, Ujerumani, alipiga marufuku kumwacha mke bila ridhaa yake na kuoa mke wa pili. Hilo lilizuia kufukuzwa, halikumaliza kufungwa. Israeli ilitunga sheria mwaka 1995 inayoruhusu mume mgomvi anyimwe leseni, pasipoti, hata afungwe jela.

Ketuba ikishasomwa, anakabidhiwa bibi harusi. Ni yake, siyo ya wote wawili. Zinafuata baraka saba, kisha bwana harusi anaikanyaga glasi, paa! Wengi husema ni kukumbuka Hekalu la Yerusalemu lililobomolewa mwaka 70. Talmudi ina kisa kingine cha kikombe: baba mmoja aliona masheikh wa Kiyahudi wamezidisha furaha kwenye harusi ya mwanawe, akakileta kikombe cha thamani na kukivunja mbele yao ili watulie. Thamani yake ilikuwa zuzi 400, sawasawa na ketuba ya yule mjane wa Maoza.

Siku hizi glasi ikivunjika hakuna anayetulia. Ukumbi mzima unalipuka: mazal tov! Hutafsiriwa "hongera", ila zamani mazal ilikuwa nyota ya angani, ile inayoshika bahati ya mtu. Kwa Kiswahili chetu, wanawaambia maharusi: nyota yenu ing'ae. Na kama isipong'aa, karatasi ipo mkononi mwa bibi harusi.