Makanisa, misikiti na msaada wa wakimbizi: nani anaandika lisiti?

Vita inapozuka, mlango wa kwanza kufunguliwa mara nyingi ni wa kanisa, wa msikiti ao wa shule ya dini. Magari ya mashirika ya kiutu yanakuja kisha siku kadhaa, wakati mwingine kisha wiki. Padiri, mchungaji na shekhe wao wako pale pale: wanajua njia, wanajua luga, na hawaondoki usiku. Njo maana mashirika makubwa yanapenda kufanya kazi pamoja nao. Lakini kuwa karibu na watu kuna faida na kuna hatari, na zote mbili zinaonekana kwa kitu kimoja kidogo: lisiti ya majina.

Wanatoa nini?

Kazi ya kwanza ni kulaza watu. Hapa inafaa kujua hesabu. Kanuni za Sphere, ambazo mashirika ya kiutu yanafuata dunia nzima, zinasema kila mutu apate angalau mita za mraba 3.5 za mahali pa kulala, na lita 15 za maji kwa siku. Chukua sali ya kanisa yenye mita 20 kwa mita 12. Hiyo ni mita za mraba 240, maana yake inafaa watu 68. Wakilala humo watu 230, kila mmoja anabaki na mita moja tu na kidogo. Kikohozi kinapita haraka, watoto wanaugua kuhara, na akina mama hawana mahali pa kujificha. Kwa hiyo kanisa ni mahali pa kupitisha siku za kwanza. Kuligeuza kuwa kambi kwa miezi ni kutafuta magonjwa.

Kazi ya pili ni afya na shule. Hapa kwetu hospitali nyingi ni za makanisa. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, iko chini ya kanisa la Kipentekoste la CEPAC, na inajulikana kwa kuwatunza wanawake waliobakwa katika vita. Shirika la Wajezuiti la kuhudumia wakimbizi, JRS, limefanya kazi ya elimu upande wa Masisi.

Lakini kuna kazi moja ambayo kanisa haliwezi kufanya. Mutu aliyevuka mpaka, kama Warundi walioingia Fizi na Uvira tangu 2015, anaandikishwa kuwa mkimbizi na serikali kupitia CNR, pamoja na HCR. Sheria ya mwaka 2002 njo inasema hivyo. Barua ya mchungaji inaweza kusaidia mutu ajulikane, lakini haichukui nafasi ya kuandikishwa. Anayekuuzia barua kama hiyo anakudanganya, kwa sababu kuandikishwa ni bure.

Mfano wa lisiti

Tuwaze parokia moja iliyopokea familia 45 ndani ya sali. Shemasi anaandika majina usiku ule ule, na anafanya vizuri. Kisha siku tano, shirika moja linakuja na vifurushi 50 vya bashi, blanketi na sufuria, na linauliza: "Lisiti iko wapi?" Shemasi anatoa ile yake. Familia 45 zinapewa jetoni, zinapanga mustari, zinapokea. Vifurushi 5 vinavyobaki vinagawanywa kwa wanaojulikana na komite.

Hakuna aliyeiba, na hakuna aliyesema "Waislamu hapana". Lakini familia 18 zilikuwa zinalala kwa jamaa na majirani, na zingine 7 zilikuwa uwanja wa msikiti. Familia zenye kuhitaji zilikuwa 70, na 25 hazikuonekana. Ubaguzi umeingia bila mutu kuutaka, kwa sababu lisiti ilifuata ukuta wa kanisa, haikufuata shida za watu.

Dawa yake inajulikana. Kabla ya jetoni, lisiti tatu ziwekwe pamoja: ya kanisa, ya msikiti, na ya shefu wa avenue, mwenye kujua nani analala kwa nani. Majina yanayorudia yafutwe. Kisha majina yasomwe mbele ya watu wote, ili aliyesahauliwa aseme. Kwa kuwa vifurushi ni 50 na familia ni 70, watangulie wale wenye shida zaidi: mama mwenye mimba, mzee, mlemavu, nyumba inayoongozwa na mtoto. Masharti hayo yatangazwe mbele, si nyuma ya mgao.

Goma ilijifunza somo hili kwa uchungu. Mwezi wa Julai 1994, watu karibu 850,000 waliingia kutoka Rwanda kwa siku chache, na kipindupindu pamoja na kuhara damu viliua karibu watu 50,000 mwezi wa kwanza. Chakula kilipitia mikononi mwa viongozi wao wa zamani. Hao waliongeza hesabu za watu, wakashika sehemu ya chakula, na kwa njia hiyo wakashika watu wenyewe. Mwezi wa Novemba mwaka ule, tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilijiondoa kambini. Ilionekana wazi kwamba mwenye lisiti anakuwa mwenye mamlaka, awe mwanasiasa ao mutu wa dini.

Mahubiri na siasa

Mwaka 1994 huo huo, mashirika yalitoa Kanuni za Mwenendo zenye pointi 10. Waanzilishi walikuwa 8, na 4 kati yao ni ya dini: Caritas Internationalis, Catholic Relief Services, Shirikisho la Walutheri la Dunia na Baraza la Makanisa la Dunia. Kanuni hizo hazikatazi shirika kuwa na imani yake. Zinakataza kufunga msaada kwenye imani. Sala ya asubuhi kwa anayependa haina shida. Ila jetoni zikitolewa kisha ibada, aliyekaa inje atakosa, na hapo imani imekuwa bei ya unga.

Kutobagua ni jambo moja. Kutoegemea upande wa vita ni lingine. Shirika linaweza kulisha kila mutu bila kuuliza dini, na bado likaonekana la upande mmoja kwa sababu kiongozi wake amesema neno la siasa kwenye redio. Februari 2025, wajumbe wa maaskofu wa CENCO na wa ECC walikutana na viongozi wa AFC/M23 huko Goma kutafuta njia ya amani. Kazi hiyo ina maana yake, lakini dereva wa kamyo ya unga anasimamishwa kwenye barriere na watu walioisikia kila mmoja kwa namna yake. Njo maana inafaa wenye kugawa msaada wawe na ofisi, gari na msemaji wao, mbali na wenye kuongea siasa. Na mutu mwenye silaha asiingie mahali pa kulala watu, hata kama ni mwana-parokia.

Alama za kuangalia ni chache. Je, ulisikia majina yakisomwa wazi? Kuna mutu wa kupokea malalamiko ambaye si yule aliyeandika lisiti? Uliombwa kadi ya ubatizo, franga ao ahadi yoyote? Kama jibu si zuri, peleka neno kwa shirika lenye jina lake kwenye kifurushi, ao kwa komite ya kambi. Sema siku, mahali, na hesabu ya familia zilizokosa: malalamiko yenye hesabu yanafuatiliwa haraka kuliko yenye kelele tu.