Paketi Haina Neno Nyama, Lakini Mnyama Yumo: Namna ya Kusoma Viambato

MWANZA. Mtu asiyekula nyama akiingia sokoni Butimba hapati shida na maharage, mchicha au dagaa. Vinaonekana kwa macho, anajua cha kuchukua na cha kuacha. Shida inaanza dukani, kwenye rafu ya vitu vya paketi. Kikombe cha yogati au pakiti ya peremende laini havina picha ya ng'ombe wala samaki, lakini ndani kunaweza kuwa na kitu kilichotoka kwenye ngozi, mfupa au tumbo la mnyama, kwa jina ambalo wengi hawalijui.

Jijini Mwanza jambo hili linawagusa watu wengi. Wapo Wasabato, ambao kanisa lao linahimiza chakula cha mimea, na zipo familia za Kihindu ambazo hazigusi nyama kabisa. Wengi wao wanatumia maziwa, na baadhi mayai. Kwa hiyo swali lao dukani si kama kitu kina maziwa. Wanataka kujua kama kuna mnyama aliyechinjwa ili kitu hicho kipatikane.

Kwa mfano, mtu ameshika kikombe cha yogati ya stroberi chenye viambato hivi: maziwa, sukari, jelatini, ladha ya stroberi, rangi E120, bakteria hai. Viambato hupangwa kuanzia kilichowekwa kwa uzito mkubwa hadi kidogo. Maziwa na sukari havina neno. Cha tatu, jelatini, ndicho kinachoiondoa yogati hiyo kwenye kapu.

Jelatini hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, na wakati mwingine ngozi za samaki. Kwenye yogati kazi yake ni kushika maji yasijitenge juu, yale ambayo kwenye mtindi wa nyumbani huonekana ukishakaa. Pia ndiyo inayozipa peremende nyingi za kutafuna ule mvuto wake, na ndiyo ganda la vidonge vingi laini vya mafuta ya samaki na vitamini. Hakuna jelatini ya mimea. Kwenye paketi za Kiingereza neno lake ni g-e-l-a-t-i-n, mara nyingine likiwa na herufi e mwishoni, na zipo paketi zinazoandika namba tu, E441.

Hapo kwenye namba wengi huteleza. E440 ni pektini, inayotoka kwenye maganda ya machungwa na mabaki ya matofaa. Tarakimu moja tu inaitenganisha na jelatini. E406 na E407 nazo zinatoka kwenye mwani, na E407 hasa inatokana na aina za mwani ambazo akina mama wa Zanzibar wanalima. Yogati iliyogandishwa kwa pektini au mwani haina tatizo.

Kwenye kikombe kile bado kuna E120. Hiyo ni rangi nyekundu inayotengenezwa kwa wadudu wadogo waliokaushwa na kusagwa. Hata bila jelatini, rangi hiyo peke yake ingetosha kukirudisha kikombe kwenye friji la duka.

Alama ya halali nayo huwachanganya watu. Inamhakikishia Mwislamu kwamba hakuna nguruwe, na kwamba kama kuna mnyama, amechinjwa inavyotakiwa. Haisemi kwamba hakuna mnyama. Jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali inapita bila shida, na peremende hiyo bado si ya asiyekula nyama.

Jibini ni ngumu zaidi

Reneti ni kimeng'enya kinachogandisha maziwa yawe jibini. Kwa asili hutolewa kwenye tumbo la nne la ndama anayenyonya, na ndama huyo huwa amechinjwa. Siku hizi viwanda vingi vinatumia kimeng'enya kama hicho kinachozalishwa na vijidudu. Marekani iliruhusu aina hiyo mwaka 1990. Ukila jibini za aina zote mbili, huwezi kuzitofautisha kwa ladha wala kwa macho.

Tatizo ni kwamba paketi nyingi haziandiki r-e-n-n-e-t. Zinaandika "vimeng'enya" tu, basi. Tena jibini ikitumika kidogo ndani ya chakula kingine, kama unga wa jibini kwenye krispi, mwongozo wa kimataifa wa Kodeksi unaruhusu kiambato mchanganyiko kisichofika asilimia 5 kutofafanuliwa vipande vyake. Kwa hiyo kimya cha paketi ya jibini hakimaanishi usalama. Cha kutafuta ni maneno yanayosema wazi kwamba kimeng'enya ni cha vijidudu au cha mimea. Jibini ya Kiitalia ya Parmijiano Rejiano haina haja ya kuchunguzwa, maana kanuni zake zinataka reneti ya ndama. Paniri ya Kihindi kwa kawaida hugandishwa kwa limao au siki, na mtindi unagandishwa na bakteria. Hivyo viwili havihitaji reneti.

Mafuta: yanayosemwa na yanayofichika

Kwenye mafuta, Kodeksi imesaidia kidogo. Mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe hayaruhusiwi kujificha nyuma ya neno la jumla "mafuta", lazima yatajwe kwa jina. Kwa Kiingereza ya nguruwe ni l-a-r-d na ya ng'ombe mara nyingi huandikwa t-a-l-l-o-w. Samli ni ya maziwa, na anayekunywa maziwa anaitumia.

Kinachobaki gizani ni E471, ambayo imejaa kwenye biskuti, mkate wa kiwandani, aiskrimu na majarini. Inasaidia mafuta na maji kuchanganyika, na inatengenezwa kwa mafuta ya mawese, ya soya, au ya ng'ombe. Namba ni ileile kwa zote, na kemia yake karibu ni ileile, hata maabara ingepata kazi kusema imetoka wapi. Ikifuatwa na neno linaloitaja mimea, sawa. Ikiwa peke yake, ni swali lisilo na jibu kwenye paketi.

Biskuti na vitafunwa kutoka India vinarahisisha kazi. Sheria ya huko inataka kila paketi iwe na alama: duara la kijani ndani ya mraba wa kijani ni chakula kisicho na nyama, na maziwa yanaruhusiwa. Chenye mnyama kinawekewa alama ya kahawia, ya zamani ikiwa duara na mpya pembetatu. India inahesabu yai upande wa kahawia, kwa hiyo anayekula mayai asishangae kukuta keki ya kawaida huko.

Kwa paketi isiyo na alama, mtengenezaji anaulizwa moja kwa moja kupitia simu au barua pepe iliyo nyuma ya paketi. Swali likiwa "je, hii ni ya wasiokula nyama?", jibu huwa ndiyo ya haraka. Swali linalofanya kazi ni fupi na la kiambato: "E471 mnayotumia inatoka kwenye mmea gani?" Anayejua atasema mawese au alizeti. Asiyejua itabidi aulize kiwandani, na mpaka jibu lirudi, paketi ibaki rafuni.