Nyumba Ikichukuliwa na Maji, Akili Nayo Hupotea Njia

Mei 1, 2024, siku mbili baada ya maafa ya Mai Mahiu, Msalaba Mwekundu wa Kenya ulikuwa ukiwatoa watu waliozingirwa na mafuriko Kitengela, kaunti ya Kajiado. Huku Pwani tuliuliza kama jamaa zetu wako hai. Tulipoambiwa wako hai tukashukuru, tukalala. Nataka kuieleza hali ya huyo aliye hai, maana niliiona kwa binamu yangu, mzaliwa wa Mombasa, aliyekuwa amepanga vyumba viwili karibu na mto.

Nilimfikia siku ya sita. Maji yalishapungua na kuacha ule udongo mweusi wa Kitengela, unaonata kama ubani. Mfukoni alikuwa na ufunguo wa mlango ambao haupo tena, na kila baada ya muda mkono ulikwenda kuupapasa. Aliniuliza mara mbili ni siku gani. Alipoletewa fomu ya msaada alishindwa kuandika umri wa wanawe, yeye mtu wa hesabu! Jirani mmoja akaninong'oneza kwamba amerogwa.

Hakurogwa. Nyumba hutuwekea kumbukumbu nyingi nje ya kichwa. Usiku mkono huiona swichi bila taa, mguu hukijua kizingiti, na kijiko hukichukui kwa kufikiri. Nyumba ikiondoka, kila kitendo kidogo kinataka kufikiriwa upya, na mwenye kufikiri hajalala siku kadhaa. Ndiyo maana mtu husahau, huzubaa, hukasirishwa na kiberiti kisichoonekana. Kwa wengi hali hii hupungua wiki zinavyokwenda, mradi wapate mahali pa kulala na siku yenye utaratibu.

Kwa hiyo tulimpunguzia maamuzi, jambo moja kwa siku. La kwanza likawa abstrakti ya polisi ya stakabadhi zilizopotea, ili aombe kitambulisho kipya. Kesho yake tulikaa na daftari tukaandika vitu vilivyopotea, chumba kwa chumba, kuanzia mlangoni kwenda kulia. Orodha hiyo hutumika ukiulizwa hasara, lakini niliona pia ilimrudisha nyumbani kwake kwa utulivu. Alipofika kabatini ndipo alipolia, na tukamwacha alie. Usimlazimishe mtu asimulie usiku ule. Akitaka mwenyewe, msikilize.

Kilio hicho hakikuwa cha televisheni. Kilikuwa cha leso za marehemu mamake na albamu ya picha. Sisi huwa wepesi kusema "vitu hununuliwa," nasi twajua leso ile hainunuliki. Albamu ilipatikana matopeni, na hapa watu wengi huharibu. Picha zilizogandana usizivute. Ziloweke kwenye beseni la maji baridi safi mpaka ziachane zenyewe, suuza tope bila kusugua uso wa picha, kisha zilaze kivulini uso juu. Zikiwa mbichi na huna nafasi, zitie kwenye friza ndani ya mfuko, kwani baada ya siku mbili hivi ukungu huanza. Za binamu zilikuwa zimechelewa, zikapona chache tu.

Jambo zito zaidi ni majirani. Februari 26, 1972, bwawa la taka za makaa ya mawe lilipasuka huko Buffalo Creek, West Virginia, Marekani, likaua watu 125 na kuwaacha maelfu bila makao. Walionusurika walipewa nyumba za muda bila kutazama nani alikuwa jirani ya nani. Msomi Kai Erikson aliyewahoji aliandika mwaka 1976 kwamba kutawanywa kule kuliwaumiza kama maji yenyewe: watu hawakujua tena wao ni nani, kwa kuwa waliowajua hawakuwa karibu. Kitengela hatari hiyo ni kubwa, kwani wapangaji wametoka kila pembe ya nchi na kila mmoja hukimbilia chumba chochote atakachopata. Mtaani kwetu Mombasa aliyeunguliwa hulala kwa jirani na asubuhi huamkia uchochoro uleule. Basi ukimtafutia jamaa yako nyumba, bei ikikuruhusu, iwe karibu na wawili watatu aliokuwa nao, na watoto wabaki kwenye skuli na madrasa ileile, hata kama kuna mwendo kidogo. Kumchukua moja kwa moja hadi Pwani ni huruma, ila pengine humpotezea na kile kidogo kilichobaki.

Ukiona mwezi umepita na bado anaota maji kila usiku, anaruka mvua ikigonga bati, hali chakula au hatoki kitandani, mpeleke hospitali. Akisema bora angekufa, usingoje mwezi, mpeleke siku hiyohiyo wala usimwache peke yake. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199.