Timazi Linalozunguka

Likoni iko kusini kidogo tu ya ikweta. Hapo dunia inatubeba kuelekea mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Sasa mbona haturushwi angani? Swali hili walilitumia waliopinga wazo la Copernicus kwamba dunia inazunguka, na halikuwa swali la kijinga.

Mwaka 1665 tauni ilifunga Chuo Kikuu cha Cambridge. Isaac Newton, kijana wa miaka 22, akarudi kwao kijijini. Alishajua kukadiria nguvu ya kitu kinachozunguka kutoroka katikati. Ili ajue kama inatosha kuturusha, alihitaji kuilinganisha na uzito. Kupima kitu kinachoanguka kulikuwa kugumu, maana kinafika chini kabla hujahesabu. Basi akatumia uzi na kitu kizito, akakizungusha duara ili uzi uchore umbo la pia.

Ujanja ulikuwa kwenye pembe: nyuzi 45. Hapo msukumo wa kutoka nje unalingana kabisa na uzito. Ukihesabu mizunguko, umepima mvutano wa dunia.

Jaribu mwenyewe. Chukua timazi la fundi, ulifunge darini kwa uzi wa mita 1. Usilishike kwa mkono, mkono hulisukuma bila wewe kujua. Chora duara la nusu kipenyo cha sentimita 71 sakafuni, katikati yake ikiwa chini ya fundo, kisha lizungushe timazi juu ya mstari huo. Mizunguko 10 itachukua karibu sekunde 16.9. Kanuni ni hii:

T = 2π√(h/g)

T ni muda wa mzunguko mmoja, h ni kimo kutoka fundo hadi usawa wa duara, yaani mita 0.71 hapa. Uzito wa timazi haumo kabisa. Ukiifungua kanuni, g inatoka karibu 9.8.

Uzito unaonekana kwenye uzi. Mkazo ni uzito ukigawanywa kwa kosaini ya pembe: kwa nyuzi 45 ni mara 1.4, kwa 60 ni mara 2. Pembe haifiki 90 kamwe, maana uzi uliolala hauna namna ya kubeba chochote.

Hewa nayo hula mwendo. Pembe ikipungua, h inaongezeka na mzunguko unachelewa. Kama mizunguko 10 ya pili imechukua muda mrefu kuliko ya kwanza, ujue pembe imeshuka, na jibu lako limeharibika.

Na lile swali la kurushwa? Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia hupunguza uzito kwa sehemu 1 tu kati ya 290 hivi. Mtu wa kilo 58 anayesubiri feri Likoni anapunguziwa kama gramu 200 tu. Ndiyo maana bado yuko kwenye foleni.