Siri ya Jani la Mahindi na Muwa



Kama umelima Ismani, au umeteremka mpaka Kilombero ukaona mashamba ya miwa, unajua jambo hili: jua likiwa kali na udongo ukiwa na unyevu, mahindi na miwa hurefuka upesi. Lakini panda mahindi Makete, au juu kwenye milima ya Uporoto, utangoja miezi mingi, na huku ngano inastawi. Wengine husema ni udongo tu. Udongo una sehemu yake, lakini sababu moja kubwa imo ndani ya jani, nayo haikujulikana mpaka miaka ya 1960.

Kila jani la kijani huvuta hewa ya kaboni kwa vitundu vidogo, na kwa nguvu za jua huigeuza kuwa sukari. Huko Kalifonia, Marekani, Melvin Calvin na wenzake waliifuatilia hewa hiyo, wakaona kwamba kitu cha kwanza kutengenezwa kina kaboni tatu. Calvin alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1961, na wengi wakadhani mimea yote hufanya hivyo.

Muwa ndio uliokataa. Katika kituo cha utafiti cha chama cha wakulima wa miwa huko Hawai, Hugo Kortschak, Constance Hartt na George Burr walilipa jani la muwa hewa ya kaboni yenye mnururisho, ili waweze kuifuata. Baada ya sekunde chache walikuta kaboni ile imo zaidi katika asidi zenye kaboni nne, siyo tatu. Walitangaza habari hiyo mwaka 1965. Mwaka 1966 Hal Hatch na Roger Slack, mjini Brisbane, Australia, wakaanza kuieleza njia yenyewe. Mahindi, mtama na ulezi navyo vimo katika njia hiyo. Maharage, ngano, mpunga na viazi mviringo havimo.

Sasa tofauti yake ni nini? Katika kila jani kuna kimeng'enya kiitwacho rubisko, ambacho kazi yake ni kukamata hewa ya kaboni. Lakini mara nyingine hukosea, kikakamata oksijeni. Hapo mmea hupoteza nguvu kusahihisha kosa, na hutoa nje kaboni iliyokwisha kuvunwa. Joto likizidi, makosa huzidi. Kwa nyuzi 25 za joto, maharage au ngano huweza kupoteza kama robo ya mavuno ya jani kwa njia hiyo.

Jani la mahindi lina vyumba viwili. Katika chumba cha nje, kimeng'enya kingine kisichodanganyika na oksijeni huifunga kaboni ndani ya asidi. Asidi hiyo hupelekwa chumba cha ndani, kinachozunguka mishipa ya jani. Huko kaboni hufunguliwa, ikajaa tele, hata rubisko haipati nafasi ya kukosea. Inua jani la mahindi juani, kisha la ngano: mishipa ya mahindi imekaribiana zaidi. Pete zinazoizunguka zilielezwa na Gottlieb Haberlandt katika kitabu chake cha mwaka 1884, naye akazifananisha na shada la maua.

Lakini, ndugu mkulima, kazi hiyo ya kusukuma kaboni ina gharama yake. Mahali pa baridi rubisko hukosea kidogo tu, kwa hiyo mahindi hulipa gharama bila kupata faida kubwa. Tena vimeng'enya vyake hulegea sana joto likishuka chini ya nyuzi 10. Ndiyo maana asubuhi ya baridi ikifuatwa na jua kali, majani machanga ya mahindi huweza kugeuka manjano. Usikimbilie kununua mbolea! Njaa ya naitrojeni huanzia majani ya chini yaliyozeeka, na unjano huingia kutoka nchani ukifuata mshipa wa katikati. Unjano wa baridi huonekana kwenye majani mapya, na mara nyingi yanayofuata hutoka ya kijani joto likirudi.

Na je, maharage chini ya mahindi? Jani la mharage hushiba mwanga kabla ya jua kufikia ukali wake wote, lakini la mhindi huendelea kuongeza kazi mpaka jua la utosi. Kwa hiyo kivuli chepesi hakiumizi sana maharage. Mahindi yakisongamana mno, maharage yatarefuka membamba na kuzaa maganda machache. Hapo ujue mwanga haufiki chini.

Jambo moja la mwisho. Kustahimili joto siyo kustahimili ukame. Mahindi hutumia maji kidogo kuliko ngano kwa kila kilo ya mmea, lakini yakikosa mvua wakati wa kutoa mbelewele na ndevu, punje hazitafungika, hata jani liwe hodari namna gani. Basi Ismani lipangie shamba lako mvua, na Makete lipangie baridi.